Barua ya Mstari Mmoja

Kwenye yadi ya malori walimwita Breki, kwa sababu aliendesha lori miaka ishirini na mbili na hakuwahi kugonga hata kuku. Wengine walisema hapana, ni kwa sababu akishasimama kwenye jambo hasogei. Yote mawili kweli.

Breki alichoka na safari. Au tuseme ukweli, mke wake ndiye aliyechoka kwanza. Mama Pacha, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache lakini kila neno lina uzito wake, alimwambia siku moja akiwa na pini mdomoni, "Baba Pacha, mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na simu."

Basi Breki akashuka kwenye lori. Akamwapia mkewe kwamba safari ndefu imekwisha. Akakodi uwanja nyuma ya ghala la zamani, akanunua gari dogo jekundu, akafunga pedali za pili upande wa mwalimu. Akachora mistari, akapanga mapipa manane, akamwaga zege na kutengeneza kilima kidogo cha kujifunzia kuondoa gari mlimani. Chumba kimoja akakipaka chokaa, akaweka mabenchi na ubao wa alama za barabarani. Kisha akapeleka ombi Bodi ya Leseni ili afungue shule ya udereva.

Mkaguzi akaja. Akazunguka, akapima, akaandika, akaomba maji ya kunywa. "Pazuri hapa," akasema, akaondoka.

Miezi miwili baadaye ikaja barua. Mstari mmoja tu: Bodi imepitia ombi lako na inasikitika kukujulisha kuwa limekataliwa. Nukta. Chini yake sahihi kubwa kuliko barua yenyewe.

Breki akaenda mpaka dirishani kwenye ofisi ya bodi.

"Kwa nini limekataliwa?" akamuuliza karani.

"Si imeandikwa hapo?"

"Wapi?"

Karani akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa. Limekataliwa."

"Hilo naliona, bibie. Nauliza kwa nini."

"Andika barua uulize."

Breki akaandika. Na hapa ndipo utamjua mtu wa malori. Dereva wa lori hatoki getini bila karatasi yenye mhuri, maana mzigo ukipotea, bila mhuri wewe ndiye mwizi. Kwa hiyo alikwenda na barua mbili zinazofanana. Moja akampa karani, ya pili akaishikilia.

"Nipigie mhuri kwenye hii yangu."

"Mzee, hii ni barua, si mifuko ya saruji."

"Piga tu, binti yangu. Ni ugonjwa wangu."

Karani akacheka, akapiga: IMEPOKELEWA. Mwezi ukapita, kimya. Breki akaandika ya pili, akapigiwa mhuri wa pili. Kimya. Akienda dirishani anaambiwa faili liko kwa katibu. Kwa katibu anaambiwa faili liko dirishani. Danadana tupu.

Huku nyuma bosi wake wa zamani alikuwa anapiga simu kila wiki. "Breki! Kiti chako bado kina moto. Lakini mwezi wa kumi na mbili ukiisha nampa mtu mwingine. Na huko hawakutaki, ndugu yangu, rudi nyumbani." Nyumbani kwenyewe ni barabarani, siku kumi kwenda, kumi kurudi. Breki alikuwa akizima simu anatoka kwenda kupanga mapipa yaliyokwisha kupangwa, na Mama Pacha anaona.

Gari jekundu, hata hivyo, halikukaa bure. Tangu mwezi wa kwanza, kabla hata barua ya bodi haijaja, kila jioni saa kumi na moja lilizunguka uwanjani, na aliyeshika usukani ni Mama Pacha. Hii ilikuwa siri. Wifi yake, dada wa Breki, alishamwambia mbele ya watu kwamba yeye hata baiskeli ya miguu mitatu ingemshinda. Mama Pacha akaapa moyoni kwamba siku moja atatokea kwa wifi anaendesha, anapiga honi, hashuki. Akachukua leseni ya mwanafunzi kimyakimya, akamlisha mumewe yamini asimwambie mtu, na jioni alikuwa anavaa koti na kofia ya Breki ili asitambulike. Mbele alikwenda vizuri. Kurudi nyuma ndiyo kasheshe. Mapipa yaliumia.

Mwezi wa nane Mama Pacha alikuwa anashona upindo wa joho jeusi la wakili mmoja, msichana mwembamba mwenye ofisi juu ya duka la fotokopi. Huku akimpima, Mama Pacha akamsimulia habari ya barua. Wakili akasahau kwamba ana pini kiunoni, akageuka.

"Mlete kesho. Na barua zote."

Kesho yake Breki akapanda ngazi, akaketi, akatoa karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki. Wakili akasoma ile ya mstari mmoja, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Hakuna.

"Hii ni ya tarehe kumi na nne mwezi wa pili," akasema. "Leo ni tarehe tano mwezi wa nane. Mtu anayetaka mahakama ipitie uamuzi wa namna hii anapewa miezi sita kuomba ruhusa. Umebakiza siku tisa, baba. Ulikuwa unangoja nini?"

"Majibu."

"Uliuliza?"

Breki akasukuma mezani zile nakala mbili. Wakili alipoona mihuri, macho yakamtoka. "Nani alikufundisha kufanya hivi?"

"Saruji," Breki akasema.

Wakili akamweleza taratibu. "Sikiliza vizuri. Hatuendi kumwambia jaji kwamba unastahili leseni. Hiyo si kazi yake, ni ya bodi. Tunakwenda kumwambia kwamba namna walivyoamua si ya haki. Hawakukusikiliza, hawakutoa sababu."

Breki akafikiri. "Yaani hatubishani gari limefika wapi. Tunabishana dereva alivyoendesha."

"Baba, ukiendelea hivyo nitakupa joho uvae wewe."

"Na tukishinda, jaji ananipa leseni?"

"Hakupi. Anaufuta uamuzi wao, anawarudisha wakaamue upya kwa utaratibu. Wanaweza kukukatalia tena, ilimradi wakusikilize na waseme kwa nini."

Breki akatazama dirishani. Alitaka kusikia kitu kingine. Lakini akishasimama hasogei. "Twende," akasema.

Siku ya sita ombi la ruhusa lilikuwa mahakamani, na hati ya kiapo ya Breki, na barua zote tatu zimeambatishwa. Jaji alisoma, akaona kuna jambo la kusikilizwa, akatoa ruhusa. Shauri lenyewe likafunguliwa, bodi ikapelekewa karatasi. Na bodi, iliyokaa kimya miezi sita, ghafla ikapata mdomo.

Kiapo cha majibu cha katibu wa bodi kilifika mwezi wa tisa. Wakili akawaita Breki na Mama Pacha, akawasomea. Katibu aliapa kwamba ombi lilikataliwa kwa sababu mwombaji alikuwa tayari anaendesha shule bila leseni, na kwamba bodi ilipata taarifa hizo kwa barua ya mtu aliyejiita Jirani Mwema. Barua ikaambatishwa.

"Ngoja niwasomee," wakili akasema. "'Kila jioni kuanzia saa kumi na moja, mwanamume mmoja mnene mwenye kofia na koti kubwa hufundishwa gari kwenye uwanja huo. Tena hajui kabisa. Amegonga mapipa mara nyingi na mara moja alilia.'"

Chini, mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma.

"Mnamfahamu huyu mwanamume?" wakili akauliza.

Breki akatazama dari. "Wakili, mimi nimekula yamini."

"Baba, mimi ndiye wakili wako! Kama ulikuwa unafundisha watu, niambie sasa hivi, nisije nikaumbuka mbele ya jaji."

"Nimekula yamini," Breki akarudia, jasho linamtoka.

Mama Pacha akasema polepole, "Mnene?"

Wakili akamtazama.

"Mwanamume mnene? Mimi? Huyo jirani ana macho au vifungo vya shati?"

Wakili akaelewa. Akainamisha kichwa mezani, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kona ya faili. "Na ulilia kweli?"

"Mdudu aliniingia jichoni," Mama Pacha akajibu.

Wakili alipotulia akawa mtu wa kazi tena. "Haya. Bodi wangekuonyesha hii barua kabla ya kuamua, baba, ungejibu nini?"

"Ningesema ni mke wangu, hanilipi hata chai, uwanja wenyewe umezungushiwa ukuta, na ana leseni ya mwanafunzi. Ingenichukua dakika moja."

"Basi hiyo dakika moja waliyokunyima ndiyo kesi yetu. Lakini jaji lazima ajue ulikuwa na la kusema. Mama, nahitaji kiapo chako. Na leseni yako ya mwanafunzi tuiambatishe."

"Kisomwe mahakamani? Mbele za watu?"

"Inawezekana."

"Wifi atakuwepo. Hakosi kesi wala harusi."

Simu ya Breki ikaita pale pale mfukoni. Bosi wa malori. Hakuipokea, aliiacha iite mpaka ikakata. Mama Pacha aliitazama ile simu kama mtu anayemtazama mke mwenza.

"Andika," akamwambia wakili. "Ila sipendi hilo neno mnene."

"Lipo kwenye barua yao, mama. Hatuwezi kulifuta."

Siku ya kusikilizwa wifi alikuja mapema, kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani. "Nimekuja kukusimamia, kaka yangu," akamwambia Breki. Mama Pacha akakaa mbali naye viti vitatu.

Wakili wa serikali, mzee mtaratibu mwenye miwani, alianza na pingamizi. Mheshimiwa, akasema, sheria inampa mwombaji nafasi ya kukata rufaa kwa waziri ndani ya siku thelathini. Hakukata. Amerukia mahakamani. Shauri litupwe.

Breki akamgeukia wakili wake. Hilo la rufaa hakuwahi kulisikia.

Wakili wake akasimama. "Mheshimiwa, mwenzangu aonyeshe wapi kwenye barua ile mteja wangu aliambiwa ana haki ya rufaa. Pili, rufaa inataka sababu za kupinga. Angepinga nini? Aliandika mara mbili kuomba sababu. Mihuri ya bodi ni hii."

Jaji, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alizitazama zile nakala kwa muda. "Wakili wa serikali, barua hizi zilijibiwa?"

"Sina maelekezo kuhusu hilo, mheshimiwa."

"Faili la bodi liko mbele yako."

Wakili wa serikali akafungua faili, akafunga. "Hazikujibiwa, mheshimiwa."

"Basi angekata rufaa dhidi ya ukimya? Pingamizi nalikataa. Endelea."

Wakili wa serikali akaendelea. Akasema sababu sasa zimetolewa, ziko kwenye kiapo cha katibu, kwa hiyo malalamiko ya kukosa sababu yamekwisha.

"Barua ya huyu Jirani Mwema, mwombaji alionyeshwa lini?" jaji akauliza.

"Iko kwenye kiapo chetu, mheshimiwa."

"Yaani baada ya yeye kuwaleta hapa."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na kwenye kumbukumbu za kikao mlichokataa ombi, sababu hiyo imeandikwa?"

Wakili wa serikali alisoma kumbukumbu mwenyewe kwa macho, midomo inacheza. "Imeandikwa 'limekataliwa', mheshimiwa."

Mtu nyuma akakohoa kicheko. Wakili wa Breki akasimama tena. Akasema sababu inayozaliwa baada ya mtu kushtakiwa haionyeshi bodi ilifikiri nini siku ile. Na mteja wake angeulizwa tu, jambo lingeisha. Akaomba kusoma aya ya nne ya kiapo cha mke wa mwombaji.

Mama Pacha akafumba macho.

"'Kwamba mimi ndiye ninayetajwa kwenye barua hiyo kama mwanamume mnene mwenye kofia.'"

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Karani wa mahakama alijificha nyuma ya rejista. Jaji mwenyewe aliinama kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Wifi akageuza shingo polepole, viti vitatu vyote, akamtazama Mama Pacha kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Wewe?" akanong'ona, sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Unaendesha?"

"Kimya mahakamani," karani akasema, sauti inamtetemeka.

Uamuzi ulitoka mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Jaji alisoma bila haraka. Alisema mahakama haijui kama uwanja wa mwombaji unafaa, wala si kazi yake kujua. Inachojua ni kwamba bodi ilipokea neno dhidi ya mtu, ikaliamini, ikamhukumu kwalo bila kumwambia, na alipouliza ikanyamaza. Huo si utaratibu wa haki. Uamuzi wa bodi unafutwa. Bodi ilifikirie ombi upya ndani ya siku thelathini: impe mwombaji barua ya malalamiko na ripoti ya mkaguzi, imsikilize, kisha iamue kwa kutoa sababu kwa maandishi.

Wifi akapiga kigelegele, akatolewa nje.

Breki akabaki amekaa. "Kwa hiyo nimeshinda?" akamuuliza wakili.

"Umeshinda kusikilizwa."

"Na bosi wa malori kanipa mpaka mwisho wa mwezi ujao."

"Basi ukasikilizwe vizuri."

Ripoti ya mkaguzi ilipofika, wakili aliisoma mara mbili kwa kutoamini. Mwisho wake iliandikwa: Mwombaji anapendekezwa kupewa leseni. Ilikuwa kwenye faili muda wote huo, imelala.

Mwezi wa kumi na mbili bodi ikakaa, Breki akaitwa. Akajibu lile la Jirani Mwema kwa dakika moja, kama alivyosema. Mwenyekiti, mzee mwenye ndevu nyeupe na tabia ya kugonga meza kwa kalamu, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maneno tumeyasikia. Sasa tutakwenda uwanjani tujionee, tena wewe mwenyewe ukiwepo, isije ikasemwa tena."

Wajumbe wanne na mkaguzi wakafika saa kumi na moja jioni. Na nani yuko kwenye gari jekundu? Mama Pacha, kofia hana, koti hana, kitambaa kizuri kichwani. Wifi amejiegemeza ukutani na mikono kifuani.

"Huyu ndiye yule mwanamume?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiye," Breki akasema.

"Hebu arudi nyuma, kati ya yale mapipa."

Breki akayatazama mapipa. Laiti angesema mbele! Lakini akaingia upande wa mwalimu, akafunga mkanda. Mama Pacha akaweka gia. Gari likaanza kurudi, vizuri, vizuri, halafu wifi akapiga chafya na Mama Pacha akageuka kumtazama. Pipa likaenda chini kwa kelele.

Mwenyekiti akagonga kalamu kwenye ubao wa kuandikia. "Mwalimu, huyu umemfundisha muda gani?"

Breki angeweza kudanganya. "Miezi kumi na mmoja," akasema.

Wajumbe wakatazamana. "Na wewe ndiye unayeomba leseni ya kufundisha watu?"

Hapo sasa. Mtu mwingine angefoka, angemnyang'anya mkewe usukani. Breki alishuka, akasimamisha pipa, akalifuta vumbi, akarudi ndani. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mama Pacha, pipa halina shida. Rudia. Tazama kioo, usitazame watu. Ukiona pipa limefika kwenye kona ya kioo, kata usukani wote. Mimi nina breki yangu hapa, hutamuua mtu."

Mama Pacha akaweka gia tena. Pipa likafika kwenye kona ya kioo. Akakata wote. Gari likaingia katikati ya mapipa kama mtu anayevaa shati lake mwenyewe. Mama Pacha akapiga honi, ndefu, akimtazama wifi usoni, na hakushuka.

Mkaguzi akaandika kitu. Mwenyekiti akawanong'oneza wenzake.

Barua ilikuja siku nane kabla mwaka haujaisha. Breki aliisoma amesimama, maana ilikuwa kurasa mbili nzima. Sababu ya kwanza: malalamiko yaliyopokelewa yamechunguzwa na kuonekana hayana msingi. Ya pili: ripoti ya mkaguzi. Ya tatu: mwombaji alionekana kuwa mtulivu mwanafunzi wake anapokosea. Leseni inatolewa, kwa sharti kwamba kingo za kile kilima zipakwe rangi nyeupe.

"Soma tena hiyo ya tatu," Mama Pacha akasema.

Akasoma tena. Kisha akampigia bosi wa malori. "Kile kiti," akasema, "mpe mtu mwingine. Lakini mwambie asisahau mhuri getini."

Siku ya kufungua, wa kwanza kujiandikisha kwenye daftari alikuwa wifi. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akajifanya haoni anavyotazamwa.

"Ila sitaki watu wajue," akasema. "Mpaka nitakapokuwa naweza."

Mama Pacha akaingia chumba cha ndani, akatoka na koti kubwa na kofia, akampa.